Kisa cha mteja: namba zitangulie vipi bila kupotosha?

Mwandishi_wa_Zamu: Wakuu, nina kisa cha mteja cha kurasa mbili kuhusu mfumo wetu wa kupokea malalamiko. Aya tatu za mwanzo ni historia ya kampuni ya mteja, matokeo yamejificha mwishoni. Zamani lalamiko lilisubiri jibu kwa wastani wa saa 9, sasa ni saa 3. Nataka kichwa kisomeke "Kasi ya majibu yapanda kwa 300%". Kinachonisumbua, mwezi uleule mteja alipoanza kutumia mfumo aliongeza wahudumu, kutoka 4 hadi 6. Nilitaje hilo?

Kaka_Mauzo: Historia ifute, ianze namba. Ila 300% si sahihi: muda umepungua kwa 67%. Wahudumu usiwataje, msomaji hajakuuliza.

Bi_Takwimu: Hesabu ya Kaka_Mauzo ni sawa, ushauri wa kuficha sio. Mnunuzi makini atampigia mteja simu na kuuliza nini kingine kilibadilika.

Kichwa andika "Kutoka saa 9 hadi saa 3". Asilimia peke yake haimwambii msomaji ulianzia wapi. Sentensi ya pili itaje wahudumu 6 badala ya 4. Usijaribu kugawa sifa, eti nusu ni ya mfumo: foleni ikiwa imejaa, mtu mmoja tu akiongezwa kusubiri kunashuka kuliko unavyotarajia. Tafuta badala yake malalamiko yaliyomalizwa kwa kila mhudumu kwa wiki. Hiyo haipandi kwa sababu tu watu wameongezeka.

Juma_wa_Pili: Mteja wangu amekataa kabisa namba zake zitoke. Nafanyaje?

Bi_Takwimu: Juma, mwombe akubali uwiano, mfano "theluthi moja ya muda wa awali", na akuidhinishie sentensi yenyewe kwa maandishi. Akikataa hata hiyo, huna kisa cha namba.

Mwandishi_wa_Zamu: Nimezipata. Kabla, malalamiko 240 kwa wiki kwa watu 4, yaani 60 kila mmoja. Sasa 540 kwa watu 6, yaani 90.

Bi_Takwimu: Hiyo 60 hadi 90 ndiyo namba yako ya kubeba kisa, mradi wiki za kabla na baada ziwe za msimu unaofanana. Saa 3 zichunguze kwanza. Saa inasimama lini? Mifumo mingine huhesabu ule ujumbe wa "tumepokea" kuwa ni jibu.

Kaka_Mauzo: Bado naona wahudumu wakae aya ya tatu. Sentensi ya pili inaua mvuto.

Bi_Takwimu: Wengi hawafiki aya ya tatu, Kaka. Hapo ni sawa na kuficha.

Mwandishi_wa_Zamu: Nimefungua malalamiko 20 moja moja. Kwenye 7, saa ilisimama kwa ujumbe wa otomatiki. Nimewaomba mafundi wahesabu upya kwa jibu la kwanza la mtu. Kichwa nimekiacha wazi kwanza.