Naomba ushauri: mdogo wangu na wasiwasi uliozidi, Malindi

Ndugu zangu, hamjambo. Ni kuhusu mdogo wangu wa kike, miaka 26, tuko Muyeye. Tangu Ramadhani moyo humwenda mbio ghafla, mikono hufa ganzi, na sasa sokoni haendi peke yake. Mhudumu wa afya wa mtaa alimpeleka zahanati. Malaria, damu na presha vikawa sawa. Muuguzi akamuuliza yale maswali 7 ya wasiwasi, GAD-7, akapata 14 kati ya 21, yaani wasiwasi wa kadiri, akashauri aanze na ushauri nasaha kabla ya dawa. Nimeona ni sawa. Ila mshauri wa binafsi tuliyempata anataka shilingi 2,500 kila kikao, na mdogo wangu anauza maandazi tu.

Naomba kujua: hospitali za serikali hapa Malindi, mshauri nasaha huona watu siku gani, na barua ya zahanati inahitajika? Na je, yupo mhudumu aliyefundishwa PM+ ya Shirika la Afya Duniani, vile vikao 5 vya kutuliza pumzi na kurudia shughuli kidogo kidogo, au kikundi cha wanawake peke yao? Mbele ya wanaume hatasema kitu.