Vyuo vya Marekani vinakubali mtoto aahirishe mwaka, kisha ufadhili vinaunyamazia

MwalimuDawati (mwanzisha uzi)

Wakuu, uzi huu ni wa hasira na sitaificha.

Mtoto amepata chuo Marekani kuanza Agosti 2025, tena na ufadhili mnono. Anaomba aanze mwaka mmoja baadaye. Jibu linakuja zuri kabisa: udahili wako umesogezwa hadi Agosti 2026, hongera. Kuhusu fedha hakuna hata sentensi moja. Nyumbani wanashangilia, mtoto anaenda zake kujitolea, halafu mwakani anaambiwa ufadhili ule ulikuwa wa walioanza 2025, aombe upya pamoja na wengine.

Huu si uungwana. Wanajua fika kwamba nafasi inaamuliwa na ofisi ya udahili na fedha zinaamuliwa na ofisi ya misaada, na kwamba uamuzi wa kwanza hauibani ofisi ya pili. Wanajua pia kwamba mtoto wa Tabora hana namna ya kulifahamu hilo. Sentensi moja tu kwenye barua ingetosha: "ufadhili wako wa dola kadhaa kwa mwaka unabaki" au "haubaki". Kwa nini hawaiandiki?

Msikubali barua ya namna hiyo. Kabla ya kusaini fomu ya kuahirisha, iandikieni ofisi ya misaada moja kwa moja, nakala kwa udahili, na muulize mambo matatu: ufadhili huu utabaki nikianza 2026? Utabaki kwa kiasi kile kile cha dola, au kwa sehemu ile ile ya gharama? Nitatakiwa kujaza fomu za fedha upya? Jibu liwe la maandishi, litaje jina la ufadhili na kiasi. Jibu la simu halina kazi, maana mwakani aliyelitoa anaweza kuwa ameshahama dawati.

Kisiki_Mkavu

Mkuu, naona unakuza mambo. Ukishalipa dipoziti ya kuthibitisha nafasi, ufadhili unakuwa wako. Ule ni mkataba.

MwalimuDawati

Hapana, ndugu yangu. Dipoziti inashika kiti, fedha haizishiki. Na vyuo vingi havirudishi dipoziti hiyo, kwa hiyo mtoto anaweza kubaki na kiti asichoweza kukilipia.

BintiPangani

Kisiki ana nusu ya ukweli. Inategemea ufadhili ni wa aina gani.

Ule wa ufaulu, unaotolewa kwa alama bila kuangalia kipato, mara nyingi chuo kikikubali kuusogeza unakuja na kiasi kile kile. Shida yake ni kwamba dola hazipandi wakati ada inapanda. Tuseme gharama ya mwaka ni dola 70,000, ufadhili 64,000, familia inatoa 6,000. Mwakani gharama ikifika 73,000 na ufadhili ukibaki pale pale, familia inadaiwa 9,000. Hiyo 9,000 ndiyo mtakayotakiwa kuionyesha benki ili I-20, hati ya chuo ya kuombea viza, itoke. Taarifa ya benki ya mwaka jana haitawafaa.

Ule unaotolewa kwa kuangalia uwezo wa familia ndio wenye mtego, kwa sababu unapigiwa hesabu upya. Vyuo vinavyotumia CSS Profile, fomu ya kueleza fedha za familia, vinaangalia kipato cha miaka miwili nyuma. Aliyeomba kuanza 2025 aliangaliwa kipato cha 2023. Akiahirisha hadi 2026, wanaangalia 2024. Sasa chukua baba aliyestaafu 2024 akalipwa mkupuo wake wa pensheni. Mwaka 2023 alionekana mtu wa mshahara wa kawaida. Mwaka 2024 anaonekana tajiri, na kilichobaki benki siku ya kujaza fomu kinahesabiwa kama mali. Ufadhili unashuka, na familia haielewi kwa nini, maana kwa uhalisia kipato chao kimepungua.

Dawa yake si kuuficha mkupuo. Ukigundulika, ufadhili wote unaweza kufutwa. Jaza ukweli, kisha peleka barua ya hali maalumu ukiambatanisha barua ya kustaafu, hati ya malipo inayoonyesha kwamba ni ya mara moja, na kiasi cha pensheni ya mwezi kuanzia 2025. Omba wapige hesabu kwa kipato cha sasa. Hawalazimiki kukubali, lakini utaratibu huo upo. Fomu hufunguliwa Oktoba, usisubiri Machi.

Mama_Wawili

Samahanini, wangu yupo chuo hapa hapa Dar, ana mkopo wa HESLB na anataka kuahirisha mwaka. Na yeye aiandikie hiyo ofisi ya misaada?

MwalimuDawati

Hapana mama, hilo ni jambo tofauti. Yeye aanzie kwa ofisa mikopo wa chuo chake kabla hajaacha kuhudhuria. Ila umenikumbusha jambo. Anayesubiri kwenda Marekani asijiandikishe shahada hapa nyumbani "ili asikae bure". Sharti la kawaida la kuahirisha ni kutosoma masomo ya shahada chuo kingine. Akivunja, wanaweza kumhesabu mwanafunzi wa kuhamia, na ufadhili wa wanaoanza mwaka wa kwanza ukaondoka. Hata kozi mbili tatu, aombe ruhusa kwanza, kwa maandishi.

Tabibu_wa_Mbozi

Mimi nina Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, na mwajiri hataki kuniachia mwaka huu. Kwa hiyo nitumie barua hiyo hiyo?

BintiPangani

Chevening haiahirishwi, mkuu. Chuo kinaweza kukusogezea nafasi, lakini ufadhili utauomba upya kuanzia mwanzo. Zungumza na mwajiri.

Kisiki_Mkavu

Haya, nimeelewa kuhusu dipoziti. Lakini ada ya dola 350 ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, lazima ilipwe tena, hilo nina uhakika.

BintiPangani

Si lazima. Ada inafuata namba ya SEVIS iliyo kwenye I-20, ile inayoanza na N. Ukiiambia ofisi ya wanafunzi wa kigeni mapema, kabla ya tarehe ya kuanza iliyoandikwa kwenye I-20 ya kwanza, wanaweza kusogeza tarehe na kutoa I-20 mpya yenye namba ile ile, na malipo yako yanabaki halali. Ukikaa kimya hadi tarehe ipite, rekodi inafungwa, unapewa namba mpya, na hapo utalipa tena. Zikutanishe namba za I-20 zote mbili kabla hujafungua pochi.

Msafiri_Kimya

Kuna linalonisumbua. Ukiuliza habari za ufadhili kabla ya kulipa dipoziti, si unawaambia mapema kwamba hutaki kuja mwaka huu?

MwalimuDawati

Uliza kabla. Swali kuhusu utaratibu si ombi. Na kuahirisha si jambo la aibu. Harvard yenyewe huwahimiza wanaokubaliwa wafikirie kukaa mwaka mmoja kabla ya kuanza.

BintiPangani

Hapo sikubaliani nawe moja kwa moja. Harvard ina uwezo wa kumlipia kila aliyemkubali, hata akija mwakani. Chuo kidogo chenye fungu dogo la wanafunzi wa kigeni kinaweza kukujibu "njoo mwaka huu au achia". Mimi ningelipa dipoziti, au niombe nisamehewe, kisha niulize.

MwalimuDawati

Na wakikataa baada ya dipoziti, ameshapoteza mamia ya dola ambayo familia imeyachangisha. Nabaki na msimamo wangu: kabla. Mwenye barua iliyotaja ufadhili kwa kiasi, afute majina aiweke hapa tuone walivyoiandika.