Naomba ushauri: barua ya shukrani kwa kiwanda cha maboksi kilichotuokoa nje ya mkataba

Mfungashaji_Njombe

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Nasimamia kituo cha kufungashia maparachichi mkoani Njombe, na naomba msaada wa kuandika barua moja ambayo nimeifuta na kuianza upya mara kadhaa.

Mkataba wetu na kiwanda cha maboksi kilichopo Dar es Salaam unakipa siku 14 za kutengeneza kila oda, na mzigo tunauchukua wenyewe getini kwao. Mwezi Machi upepo uling'oa bati za ghala letu usiku na mvua ikalowesha maboksi yote ya kilo 4 tuliyokuwa tumeyaweka kwa ajili ya kontena la wiki ile. Kuyaanika hakukusaidia, kwa sababu boksi lililokwisha kulowa huonekana zima likiwa tupu, lakini likipangwa chini ya mengine ishirini hubonyea, na matunda ya chini hufika Ulaya yamepondeka. Kontena moja la baridi la futi 40 hubeba paleti 20 za maboksi 264 kila moja, yaani maboksi 5,280. Tulipiga simu kiwandani Jumanne mchana, na kontena lilipaswa kupakiwa Ijumaa jioni ili liwahi meli.

Walikubali. Walichapa usiku, kisha wakaleta mzigo kwa Fuso yao hadi Njombe, safari ya kilomita 700 na zaidi, ingawa mkataba hauwadai usafiri. Jambo lililonigusa kuliko yote ni kwamba fundi wa uchapaji alitupigia simu kabla ya kuwasha mashine, kwa kuwa aligundua kuwa klishe waliyokuwa nayo ilibeba namba ya zamani ya kituo chetu, nayo ilibadilishwa msimu huu. Angechapa bila kuuliza, tungepata maboksi mazuri yasiyolingana na hati za usafirishaji.

Rasimu yangu inasema hivi:

"Husika na kichwa cha habari hapo juu. Uongozi unapenda kutoa shukrani za dhati kwa huduma bora mliyotupatia nje ya mkataba. Tunampongeza msimamizi wenu wa uzalishaji kwa kuahirisha kazi ya mteja mwingine, na mafundi waliofanya kazi saa 18 mfululizo. Sasa tunajua kuwa mnaweza kutuhudumia ndani ya siku 3. Tumeambatanisha asante kidogo kwa ajili ya msimamizi."

Asante hiyo ni bahasha. Je, barua imekaa sawa, na niipeleke kwa nani?

Kijana_wa_Mbagala

Pole sana, ndugu. Kwa maoni yangu usiwaandikie shukrani mapema. Kama mkataba ulisema siku 14 na wao wakavunja makubaliano, waandikie barua ya madai na uwape muda wa kujibu.

Mfungashaji_Njombe

Ndugu yangu, hawakuchelewa. Mkataba uliwapa siku 14, nao wamemaliza kazi kwa siku 3. Sina dai lolote juu yao.

Mhasibu_Makini

Mimi ningekushauri usiandike kabisa, au useme asante kwa simu. Ukishaandika kwamba umepokea huduma nje ya mkataba, umekiri deni kwa maandishi. Kesho wanaweza kukuletea ankara ya Fuso, ya dizeli na ya zamu ya usiku, na barua yako ndiyo itakuwa ushahidi. Nimeona makampuni yakibanwa kwa karatasi ndogo kuliko hiyo.

Afisa_Ugavi_Mstaafu

Nimefanya kazi ya ununuzi kwa muda mrefu, na barua za namna hii nimeziandika na kuzipokea, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa urefu kidogo.

Ndugu Mhasibu yuko sahihi kwamba barua ni ushahidi, lakini amekosea mahali deni linapotoka. Kifungu cha 70 cha Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kinamtaka mtu aliyenufaika na jambo alilotendewa kihalali na mwenzake, ambaye hakukusudia kulifanya bure, amlipe fidia mwenzake huyo. Wajibu huo, kama upo, ulizaliwa siku Fuso ilipoingia Njombe nanyi mkapakua mzigo, na hautafutika kwa sababu mmekaa kimya. Kwa hiyo, kabla ya barua yoyote, mpigie meneja wa kiwanda na umuulize waziwazi kama usafiri na uchapaji wa usiku walivitoa kama msaada au wanatarajia kulipwa. Wakitarajia malipo, walete ankara ya nyongeza, mlipe kwa risiti ya EFD, na jambo hilo liishie katika karatasi zake lenyewe. Wakisema ni msaada, waombe waandike hivyo hata kwa mstari mmoja wa baruapepe. Baada ya hapo barua yako inabaki kuwa shukrani tupu, na hakuna atakayeisoma kwa kutafuta bei ndani yake.

Sasa nije kwenye rasimu. Sentensi inayonitisha ni ile ya msimamizi aliyeahirisha kazi ya mteja mwingine. Hujui kama mkurugenzi wake alijua. Barua za sifa hubandikwa ukutani pale mapokezi, na mteja aliyeahirishwa anaweza kuisoma akiwa ameketi anasubiri mzigo wake uliochelewa. Utakuwa umemchongea mtu uliyetaka kumshukuru.

Hali ni hiyo hiyo kwa saa 18. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 12 kwa siku, zikiwemo za ziada. Inawezekana mafundi walipokezana zamu na hakuna aliyezidisha, lakini wewe umeandika kwa nia njema kwamba walizidisha, na umeweka sahihi na muhuri. Wewe unajua maboksi yalifika lini. Nani alilala saa ngapi hukushuhudia, basi usilithibitishe.

Kuhusu bahasha, iondoe. Fedha anayopewa mwajiriwa wa kampuni nyingine bila mwajiri wake kujua, kwa sababu ya upendeleo alioufanya kazini, inaelekea moja kwa moja kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo haiwahusu watumishi wa umma peke yao. Mkitaka kutoa kitu, tumeni maparachichi kwa kiwanda kizima kupitia kwa meneja, na mtaje katika barua kwamba mmetuma.

Na ile "sasa tunajua mnaweza siku 3" haikusifu mtu. Mwenye kiwanda akiisoma ataona umeshaanza kujiandaa kuomba tena.

MamaChapa_Mombasa

Mimi niko upande wa pili, kwani nina kiwanda kidogo cha uchapaji, na wateja wa namna yako ninawafahamu. Mwaka mmoja tulimchapia mteja lebo za chai usiku kucha, akatuandikia barua ndefu iliyojaa "huduma bora" na "ushirikiano mwema". Niliisoma mara moja nikaiweka kwenye faili. Mteja mwingine aliandika mistari minne tu, akaeleza kwamba kijana wetu wa kukata karatasi aliona rangi ya kijani imehama akasimamisha mashine. Barua hiyo nilimsomea kijana mbele ya wenzake, na nilipopanga mishahara mwaka uliofuata niliikumbuka. Simu ya fundi wako kuhusu namba ya kituo ndiyo barua yenyewe, nawe umeitusimulia sisi halafu ukaiacha nje ya rasimu!

Nikuombe na jambo jingine. Lipeni ankara ya maboksi yale kabla ya tarehe yake. Karatasi ya usiku mmoja tulikuwa tumeinunua kwa fedha taslimu, na shukrani inayofika wakati ankara ina siku 60 haijalipwa inauma kidogo.

Mfungashaji_Njombe

Nawashukuru nyote. Nimempigia meneja leo. Amesema usafiri ni msaada wao, lakini uchapaji wa usiku atautoza, na ankara ya nyongeza itakuja Jumatatu. Nimeandika upya, na barua itakwenda kwa mkurugenzi, nakala kwa meneja wa kiwanda:

"Ndugu Mkurugenzi,

Jumanne mchana tuliwaomba maboksi 5,280 ya kilo 4 baada ya akiba yetu kulowa mvua. Mkataba wetu unawapa siku 14. Maboksi yalifika Njombe alfajiri ya Ijumaa kwa gari lenu, yakiwa makavu na kamili kwa hesabu, na kontena letu lilipakiwa jioni ile ile na kuwahi meli.

Tunapenda mfahamu jambo moja ambalo hati ya kupokelea mzigo haikulionyesha. Kabla ya kuchapa, fundi wenu wa uchapaji alitupigia simu kuuliza kuhusu namba ya kituo iliyokuwa kwenye klishe. Ilikuwa namba ya zamani. Kwa swali lake hilo, shehena nzima iliondoka ikiwa na alama zinazolingana na hati zake. Tunaomba mfikishie shukrani zetu kwa jina lake, pamoja na msimamizi wa uzalishaji, wafanyakazi wa zamu na dereva.

Tunatambua kuwa hili lilifanyika kwa dharura, na oda zetu zijazo zitafuata muda wa mkataba kama kawaida. Kwa idhini ya meneja wenu tumetuma kreti za maparachichi kwa ajili ya wafanyakazi wote."

Ankara ya maboksi tutailipa wiki hii. Jina la fundi ninalo, ila sijalitaja. Nilitaje?

MamaChapa_Mombasa

Litaje. "Fundi wenu" wako wengi, na sifa isiyo na jina huishia kwa bosi.

Afisa_Ugavi_Mstaafu

Mimi ningemuuliza meneja kwanza, lakini simpingi Mama. Barua imesimama. Neno "msaada" la meneja kuhusu usafiri bado lipate kwa maandishi, kwa sababu wameneja huhama.

Mhasibu_Makini

Nakubali kuhusu kifungu cha 70, sikuwa nimekifikiria hivyo. Bado kuna jambo linanikera. Mafundi wale huenda kweli walifanya kazi saa 18, na sisi sote tumekubaliana kwa adabu kulifuta. Kama mteja ndiye aliyeomba kazi ya siku 3, je, hana neno la kuuliza kuhusu zamu zilivyokwenda?

Afisa_Ugavi_Mstaafu

Analo, ndugu yangu, na aliulize. Nilichokataa ni kuliweka ndani ya pongezi. Katika ankara ya nyongeza itakayokuja Jumatatu, aombe mchanganuo wa gharama ya zamu ya usiku. Kwa sheria saa za ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida, na anayetoza zamu hiyo hatashindwa kuonyesha alivyoikokotoa. Kama mafundi wamelipwa chao ni suala ambalo ankara haiwezi kulijibu peke yake.

Mfungashaji_Njombe

Nitauomba mchanganuo huo. Jina la fundi nimeliweka baada ya meneja kuniruhusu, na barua inaondoka kesho na gari la kreti.