Tupeane uzoefu: umemwendea anayekudai ukamwomba ulipe kwa awamu, ulimwambia nini?

MamaWawili_Mbagala
Habari zenu wakuu. Nina duka la rejareja huku Mbagala: sukari, mchele, mafuta, sabuni, vitu vya kila siku. Mwenye duka la jumla Kariakoo ananidai 3,600,000. Nilikuwa nachukua mzigo kwake kwa mali kauli na kulipa kila wiki, hadi mume alipolazwa na hela ya mzigo ikaishia hospitali. Sasa tajiri ametulia na kusema nimpe mpango wangu wa kulipa. Shemeji yangu ananiambia niahidi 600,000 kwa mwezi, ndani ya nusu mwaka niwe nimemaliza, ili nionekane mtu makini. Waliowahi kukaa mezani na mtu anayewadai, nipeni yaliyowakuta. Nataka niende na hesabu, siyo na machozi.

Mzee_wa_Ilala
Pole kwa mgonjwa, mama. Kabla hujataja hata shilingi, tuambie unauza kiasi gani kwa siku, na faida yake ni ipi. Mauzo usiyachanganye na faida.

MamaWawili_Mbagala
Siku kwa siku ni kama laki mbili. Faida ni ndogo, bidhaa zenyewe mnazijua, naweza kusema asilimia 10. Fremu 80,000 kwa mwezi, umeme na friza 40,000, chakula na nauli 200,000, vitu vya shule 60,000, kikoba 20,000.

Chuma_cha_Reli
Mimi nadai watu watatu na hakuna hata mmoja anayepokea simu. Hebu nipeni mbinu za kuwabana, maana hapa naona wadaiwa tu ndio wanaofundishana.

Dada_Tabora
Kaka, umeingia msiba usio wako 😂 Ila kwa kuwa wewe uko upande wa pili, tuambie: mdaiwa akija, akikwambia nini unampa nafasi?

Chuma_cha_Reli
Haya. Nauza vifaa vya ujenzi. Kuna fundi mmoja alikuja akaniahidi "mwisho wa mwezi nitapambana". Mwisho wa mwezi akazima simu. Mwingine alikuja na daftari lake, akanionyesha kazi mbili alizonazo mkononi na siku ambazo wenye nyumba watamlipa, akasema siku mbili baada ya hapo analeta 200,000. Huyo nilimpa hadi mifuko mingine ya saruji, ila kwa fedha taslimu. Siyo kwamba namwamini sana. Ni kwamba nilijua hela itatoka wapi.

Tena kuna wale wa kuleta hela nyingi mwanzoni. Mwenye duka mmoja mdogo anayechukua misumari na rangi kwangu alilipa awamu ya kwanza yote kwa siku yake, ya pili nayo hivyohivyo. Nilipopita dukani kwake nikakuta rafu tupu. Alikuwa ananilipa kwa mauzo, siyo kwa faida. Awamu ya tatu haikuja, na duka likafungwa. Ningepata zaidi kama angenilipa kidogo akabaki na duka.

Mzee_wa_Ilala
Hapo ndipo ulipo mzizi wa jambo lako, MamaWawili. Nilikuwa afisa mikopo miaka mingi, na mikopo mingi ya wafanyabiashara wadogo niliyoiona ikifa, ilikufa kwa njia hiyo aliyoieleza Chuma.

Tufanye hesabu yako. Laki mbili kwa siku 30 ni milioni sita. Asilimia 10 yake ni 600,000. Hiyo ndiyo yote unayopata kabla ya kula. Shemeji anataka uahidi 600,000, maana yake usilipe fremu, usipike, watoto wasiende shule, na hata hapo hubaki na kitu. Matumizi uliyoyataja yanafika 400,000, kwa hiyo inabaki 200,000. Usimwahidi tajiri zote. Mauzo yana siku mbaya, kuna siku ya mvua na siku ya umeme kukatika. Acha 50,000, peleka 150,000.

MamaWawili_Mbagala
Lakini 3,600,000 kwa 150,000 ni miezi 24! Miaka miwili atanicheka.

Mzee_wa_Ilala
Ndiyo maana hatuishii hapo. Una kitu cha kuuza ambacho hakikupi faida? Na huo mfuko wa kikoba unagawana lini?

MamaWawili_Mbagala
Nina friza ya pili imekaa bila kazi, mtu aliwahi kunipa 450,000 kwa mdomo. Kikoba tunavunja Desemba, nitapata kama 600,000.

Mzee_wa_Ilala
Uza friza kwanza, hela uwe nayo mkononi siku ya kwenda. Sasa tuseme unaanza Oktoba. Weka 450,000 mezani, ongeza 600,000 ya kikoba Desemba, linabaki 2,550,000. Hizo ni awamu 17 za 150,000. Lakini Januari usijidanganye, ni mwezi wa shule na ada, andika 50,000. Januari ya mwaka unaofuata iko ndani pia, nayo andika 50,000. Ile 200,000 iliyopungua unaisukuma mwishoni, na mpango wote unakwisha mwezi wa 19, ambao unamalizia 50,000. Kikoba cha Desemba ya pili usikiandike kabisa, maana hakijafika. Kikifika, unalipa mapema na hakuna atakayekasirika.

Mwl_Songea
Mimi ni mwalimu, yangu yalikuwa ya kausha damu. Yule bwana alikuwa na kadi yangu ya benki, mshahara ukiingia anatoa yeye kwanza. Nilimwendea na karatasi ya mshahara, nikamwonyesha makato na kinachobaki. Nilimwomba arudishe kadi na mimi nimtumie kiasi kilekile kila tarehe 28. Mshahara wetu huwa umeingia siku chache kabla ya hapo, kwa hiyo hata ukichelewa bado nina nafasi. Alikataa kadi mwezi wa kwanza, akanipa wa pili. Riba hakupunguza hata shilingi, hilo niseme ukweli. Nilichopata ni kusimamisha faini.

Naomba nikazie hapo kwenye faini. Kabla hujaanza kulipa kidogokidogo, muulize hela yako inaingia wapi. Mimi miezi ya mwanzo nilikuwa namtumia tu, kumbe zote zinaliwa na faini na riba, deni lenyewe liko palepale.

Mzee_wa_Ilala
Na hiyo ni hata benki. Kinachoingia hutangulia kulipa faini na riba, ndipo mtaji wa mkopo unapunguzwa, isipokuwa mmekubaliana vingine kwa maandishi. Kwa mwenye duka la jumla, MamaWawili, uhakikishe deni limeandikwa limesimama 3,600,000 kuanzia siku ile, na kila ukilipa aandike salio.

Sheria_ya_Mtaani
Dada usitishike. Deni ni madai, siyo jinai, polisi hawana kazi nalo kama hukutapeli. Na ukishaanza kulipa hata elfu kumi kwa mwezi, hawezi kukupeleka mahakamani, unaonekana una nia.

Wakili_Msomaji
Nusu ya kwanza sawa, nusu ya pili itakuumiza. Kulipa kidogo hakumzuii mtu kufungua kesi, kinachomzuia ni makubaliano kwamba atapokea kwa awamu na wewe unayatimiza. Zaidi ya hapo, kwa Tanzania madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, na malipo ya sehemu ya deni au barua ya kulikiri yanaanza kuhesabu upya. Sisemi usilipe, mama. Nasema ukilipa, lipa ukiwa na karatasi. Na hata mambo yakifika mahakamani na hukumu ikatoka, mahakama inaweza kuruhusu hukumu ilipwe kwa awamu, na hapo tena utaulizwa hesabu hizihizi.

Bi_Likoni
Huku Mombasa nilikuwa na karo ya mtoto. Mhasibu wa shule hakutaka hadithi, alitaka tarehe. Mimi nauza samaki, hela yangu haina mwisho wa mwezi. Nikamwambia kila Jumatatu. Alikubali, maana kila wiki anaona kitu. Naona kwako pia wiki ingekuwa nzuri kuliko mwezi.

Mzee_wa_Ilala
Wazo la Bi Likoni ni zuri kwa kuweka, siyo kwa kuahidi. Ukiahidi kila wiki, wiki moja mbaya inakufanya mvunja ahadi. Tenga 5,000 kila jioni kabla hujafunga hesabu, ipeleke kwenye laini nyingine isiyotumika dukani. Mwezi ukiisha una 150,000. Tarehe ya kumlipa iwe tarehe 5, maana wateja wako wa daftari wenye mishahara wanakulipa siku za mwisho wa mwezi. Na ikifika tarehe 15 laini ina 40,000 badala ya 75,000, unajua mapema. Mpigie tarehe 15, usimpigie tarehe 6.

MamaWawili_Mbagala
Nimerudi wakuu. Nimekwenda jana na ile karatasi, friza nimeuza 450,000 kweli. Tajiri alisoma kimya, akasema miezi 19 ni mingi, yeye anataka 12. Nikamwonyesha mstari wa faida, nikamwambia kwa 12 nitakulipa kwa mzigo wako mwenyewe na duka litakufa. Akakubali tujaribu hadi mwisho wa Desemba kwa kiasi changu, kisha tukae upya. Sharti lake, mzigo nichukue kwake kwa taslimu, nisiende kwa mwingine. Anataka pia nisaini kwamba nikikosa mwezi mmoja, deni lote nalidaiwa papo hapo. Hapo nimesita, sijasaini.

Wakili_Msomaji
Usisaini kama ilivyo. Omba iongezwe kwamba ukichelewa, anakupa taarifa ya maandishi, na una siku 7 za kulipa awamu hiyo kabla deni lote halijadaiwa. Wenye duka wengi hawakatai, maana wanachotaka ni hela.

Chuma_cha_Reli
Siku 7 ningekupa. 14 nisingekupa.

Mwl_Songea
Na sharti la mzigo? Bei zake zikiwa juu ya wengine kwa 2,000 kwa mfuko, hiyo asilimia 10 yako inabaki kweli?

MamaWawili_Mbagala
Hilo sikuliangalia. Sukari yake iko sawa na wengine, mafuta yako juu kidogo. Kesho napita maduka mawili mengine nilinganishe kabla sijarudi kwake na hiyo karatasi.