Tupeane uzoefu: kulaza jedwali moja pana katikati ya tasnifu bila kuvuruga namba za kurasa

Steshenari_Mwanga: Wakuu, nina kiduka cha kuchapa na kubaindi hapa Mwanga, Kigoma. Wanafunzi wanakabidhi tasnifu na kila mmoja ana jedwali lisiloenea. Wa jana alikuwa na safu 11 za dagaa na migebuka, mwezi kwa mwezi, mwalo wa Kibirizi na wa Katonga. A4 iliyosimama, ukitoa pambizo za sentimita 2.54, inabakiza upana wa karibu sentimita 16. Ukiilaza unapata 24 na nusu, basi ikabidi kulaza. Kuulaza ukurasa kwenye Word alishauweza kabla hajaja kwangu. Kilichomleta ni namba: baada ya ukurasa wa 46, ule uliolala unaandika 1, na unaofuata nao 1. Nyie huwa mnafanyaje?

Katonga_Boy: Hiyo rahisi, bro. Bofya mara mbili kwenye footer, zima Link to Previous, kwisha kazi.

Fundi_wa_Isevya: Katonga, hapo umeshika nusu. Link to Previous inahusu kilichomo ndani ya footer, yaani maandishi na mahali yalipokaa. Hesabu ya kurasa ina mpangilio wake mwingine. Mimi ukurasa uliolala huwa naiacha imewaka, kwa sababu ukiizima halafu ukafuta kitu, ndipo namba inapotea kabisa.

Mkuu wa Mwanga, nadhani mteja wako ana kurasa za mwanzo za kirumi, i, ii, iii, halafu Sura ya Kwanza inaanza na 1. Ili iwe hivyo, mwili wa tasnifu uliwekewa Start at: 1. Sasa ukiweka Section Break kabla ya jedwali na nyingine baada yake, mwili unakatika vipande vitatu, na kila kipande kinarithi ile Start at: 1.

Weka cursor mwishoni mwa aya iliyo juu ya kichwa cha jedwali, nenda Layout, Breaks, Next Page. Ile ya juu ya kundi la pili, siyo Page Break ya kawaida. Fanya hivyo tena chini ya jedwali. Rudi ndani ya jedwali, Layout, Orientation, Landscape. Kisha ingia footer ya ukurasa uliolala, Page Number, Format Page Numbers, chagua Continue from previous section. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoachia njiani, rudia hilo hilo kwenye footer ya ukurasa unaofuata. Utapata 46, 47, 48. Kipande cha kwanza usikiguse, kile ndicho chenye haki ya kuanza na 1.

MamaUjiji: Mimi jedwali la kikoba chetu maneno ya juu hayaenei, nayalazaje yasomeke kwa kwenda juu?

Fundi_wa_Isevya: Shikamoo mama. Hiyo ni Text Direction, ipo kwenye Layout ya jedwali lenyewe. Ukurasa hauguswi.

MamaUjiji: Marahaba mwanangu, imekubali.

Nyuki_Sikonge: Kwenye ripoti yetu ya asali namba hazikukatika, ila ule uliolala namba ilisogea kushoto badala ya kukaa katikati. Nikaona pia ukurasa mtupu baada yake.

Fundi_wa_Isevya: Namba iliwekwa katikati kwa kugonga Tab. Tab inapima kwa upana wa zamani, haijui kwamba karatasi imepanuka. Futa hizo Tab, tumia Center ya aya, itajisogeza kila ukurasa. Ule mtupu washa alama kwa Ctrl+Shift+8. Ama kuna Page Break ya zamani karibu na Section Break, ifute hiyo tu, au jedwali limejaza ukurasa na ile aya ya lazima chini yake imeangukia ukurasa mpya. Aya hiyo ipe fonti ya 1 na nafasi sifuri.

Ila chunga usifute Section Break yenyewe. Maandishi ya juu yake yanachukua sura ya kipande cha chini. Ukifuta ile iliyo kabla ya jedwali, sura nzima ya juu inalala.

Katonga_Boy: Kumbe ndiyo maana yangu ililala yote 🤣 Ctrl+Z iliniokoa.

Steshenari_Mwanga: Imekaa, fundi, mteja ana 47 yake. Ila msimamizi wake kamwandikia kwamba namba ya ukurasa uliolala iwe mahali pale pale pa kurasa nyingine kitabu kikishabaindiwa. Mimi naona ikikaa upande mrefu haidhuru.

Fundi_wa_Isevya: Vyuo havifanani, asome mwongozo wa chuo chake. Akilazimika, hapo sasa Link to Previous inazimwa, na izimwe kwenye kipande kilicholala na pia kinachofuata, kabla ya kugusa chochote. Kisha namba inawekwa ndani ya Text Box iliyogeuzwa, pambizoni kushoto. Wakati wa kubaindi kichwa cha jedwali kielekee kwenye mshono.

Nyuki_Sikonge: Mimi niliwahi kulichapa peke yake nikalichomeka. Namba nikaandika kwa peni 😅

Steshenari_Mwanga: Huyo msimamizi angekurudisha Sikonge kwa miguu.