Tupeane uzoefu: uliombaje cheti cha utumishi baada ya kuacha kazi?

Wakuu habari za jioni. Mlioacha kazi viwandani, mahotelini, madukani hapa Mwanza, mlimwandikiaje bosi wa zamani mpaka cheti kikatoka? Mi naanza. Nilikuwa stoo kwenye kiwanda kimoja cha sangara, nikapata kazi Geita, wale wapya wakataka cheti kiwafikie Ijumaa. Afisa utumishi nilimtumia hii kwa imeili, na nakala wasapu:

"Shikamoo mama. Naomba cheti cha utumishi. Nilikuwa msaidizi wa stoo kuanzia 7/3/2022 hadi 31/1/2025, namba yangu ya kazi ipo kwenye kitambulisho nilichoambatanisha. Mwajiri mpya anataka kuthibitisha cheo na muda niliofanya kazi. Mwisho wa kukiwasilisha ni Ijumaa 14/2, hivyo naomba nikipate Jumatano 12/2 ili kukiwa na kosa kirekebishwe. Nitakifuata mwenyewe. Asante mama."

Kilitoka Jumatano kweli ila wameandika "kibarua" badala ya msaidizi wa stoo, nikarudi nao mkataba wangu wakachapa upya, Alhamisi ninacho mkononi. Bila ile siku ya katikati ningefika Geita na cheo ambacho sio changu.

Mama wa Kirumba: Mi niliandika tu "naomba barua ya kazi", nikapewa barua inayonisifu eti mchapakazi, haina tarehe hata moja! Benki wakaikataa. Kwa hiyo hapo kwenye sababu ndo penyewe, sema kinaenda wapi na kinathibitisha nini.

Kijana wa Igoma: Ila ukiacha mwenyewe hawalazimiki kukupa, ni kwa waliopunguzwa tu. Na kama hujarudisha buti na funguo sahau.

Mzee wa Nyakato: Hapana mwanangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inasema ajira ikikoma mwajiri atatoa cheti cha utumishi, haikutenga walioacha wenyewe. Vifaa rudisha, na usainishe karatasi ya makabidhiano, ukiwa nayo hapo hawana pa kusingizia. Wakikaa kimya tarehe uliyotaja ikapita, andika tena kwa upole ukitaja ujumbe wa kwanza na tarehe yake, halafu nakala peleka kwa mkono masijala wakugongee muhuri wa kupokea. Ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, huo muhuri ndo unaonyesha uliomba lini.

Dada wa Buzuruga: Samahani, mi yangu NSSF inasumbua, michango ya miezi kadhaa haionekani, nayo niombe kwenye ujumbe huo huo?

Mama wa Kirumba: Tenganisha dada, ukichanganya watasubiri mhasibu amalize ya michango na cheti kitalala hapo hapo.

Kijana wa Igoma: Sawa mzee, nimekuelewa. Sasa kampuni ikiwa imefungwa na mwenyewe kashahama mkoa, huo ujumbe anaandikiwa nani?

Mzee wa Nyakato: Hapo sijawahi kupita. Aliyepita aje.