Naomba ushauri: kuandika dosye ya mwanafunzi bila kumhukumu mapema

Wapendwa walimu, habari zenu. Ninafundisha Kifaransa mwaka wa sita hapa Bukavu. Mwanafunzi mmoja alinitumia insha kwa WhatsApp, na ninashuku iliandikwa na akili mnemba. Prefe anataka dosye kabla ya kumwita mzazi.

Faili ya kwanza nimeihifadhi bila kuigusa, alama zangu ninaziweka kwenye nakala. Tarehe na saa nimezitoa kwenye ujumbe wenyewe, maana faili ikishushwa, simu inaweza kuonyesha siku ya kushusha tu. Nimeambatanisha pia insha aliyoiandika kwa mkono darasani.

Kwenye taarifa za faili ya Word, muda wa kuhariri ni dakika 2 kwa kurasa 3. Lakini huenda aliandika kwenye simu nyingine, kisha akabandika. Kwa hiyo nimeandika: «Faili inaonyesha dakika 2 za kuhariri. Kitabu kinachotajwa aya ya pili sijakipata.» Sikuandika «amedanganya». Mtoto huyu ana mtihani wa Serikali mbele yake, na neno moja kwenye dosye linaweza kumfuata.

Ninaomba msaada kwa mambo mawili. Nikimhoji mwanafunzi huyu, majibu yake niyaandike neno kwa neno, kwa Kiswahili alichokisema, kisha asaini? Na matokeo ya programu ya kutambua akili mnemba, ambayo hukosea, niyaweke pamoja na tarehe na jina la programu, au niyaache kabisa?